Nusu Kwanza, Asili ya Pamoja Baadaye

Karatasi ya mazoezi iliyo mbele yangu nimepewa na mwalimu wa darasa la tano huko Nkome, mkoani Geita, kando ya Ziwa Viktoria. Swali la nne linasema: panga sehemu hizi kuanzia ndogo hadi kubwa: 5/6, 3/8, 7/12, 4/9, 3/5. Mwanafunzi amefanya kama alivyofundishwa. Ametafuta Kigawe Kidogo cha Shirika cha 6, 8, 12, 9 na 5, akapata 360, na hapo hajakosea. Kisha ameanza kubadili sehemu moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye 4/9, akaandika kwamba 360 gawanya kwa 9 ni 30, akazidisha kwa 4, akapata 120/360. Nyingine zote amezipata sawasawa. Basi akaiweka 4/9 mwanzo kabisa, kabla ya 3/8, na mwalimu akachora alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Kosa hilo la kugawanya ni dogo na linaweza kumpata yeyote. Linaloniuma ni kwamba mtoto huyu hakuwa na njia ya kulitambua. Kazi yake imejaza nusu ukurasa, na hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba aliwahi kujiuliza 4/9 ni kiasi gani hasa cha kitu. Angejiuliza, angeona kwamba kitu kikikatwa vipande tisa na ukachukua vinne, umekaribia kabisa kuchukua nusu, wakati 120/360 ni theluthi tu. Msimamo wangu ni huu: kusawazisha asili ni njia sahihi na lazima ifundishwe, lakini tunakosea tunapoifanya iwe ya kwanza na ya pekee. Kabla ya kugusa kigawe, mwanafunzi aiulize kila sehemu swali moja: uko upande gani wa nusu?

Tuanze na kile ambacho alama zenyewe zinasema. Katika 3/8, asili, yaani 8, inaeleza kitu kizima kimekatwa vipande vingapi vilivyo sawa. Kwa hiyo inaeleza ukubwa wa kipande. Kiasi, yaani 3, kinaeleza tumechukua vipande vingapi vya ukubwa huo. Namba hizi mbili zina kazi mbili tofauti, na ndiyo maana haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na namba za sehemu nyingine. Anayelinganisha 3/8 na 4/9 kwa kutazama 3 na 4 ni sawa na mtu anayesema ndoo nne ni nyingi kuliko madebe matatu bila kuuliza ndoo hiyo inachukua lita ngapi. Vipande vya tisa ni vidogo kuliko vya nane, lakini vimechukuliwa vingi zaidi. Mambo mawili yanavutana, na jicho peke yake haliwezi kuamua lipi limeshinda. Hapo ndipo panahitajika kitu cha tatu, kinachojulikana kwa pande zote mbili, cha kupimia.

Nusu ndiyo kitu hicho, kwa sababu mtoto wa Nkome anaijua kabla hajaanza shule. Ametumwa dukani nusu kilo ya sukari, na ameona sado ya dagaa ikijazwa hadi nusu kwa mteja mwenye fedha pungufu. Kuipima sehemu kwa nusu hakuhitaji hesabu kubwa. Zidisha kiasi kwa 2, kisha kitazame pamoja na asili. Kikiwa kidogo kuliko asili, sehemu iko chini ya nusu. Kikilingana, ni nusu yenyewe. Kikizidi, iko juu ya nusu. Tuijaribu kwenye karatasi yetu. Kwa 3/8, mbili mara tatu ni 6, ndogo kuliko 8: chini. Kwa 4/9, mbili mara nne ni 8, ndogo kuliko 9: chini, lakini kwa kidogo sana. Kwa 7/12 tunapata 14: juu. Kwa 3/5 tunapata 6: juu. Kwa 5/6 tunapata 10: juu, tena kwa mbali. Kwa mistari mitano mifupi tumeshazigawa sehemu zetu makundi mawili, na tunajua kwamba kila iliyo katika kundi la 3/8 na 4/9 ni ndogo kuliko kila iliyo katika kundi la 7/12, 3/5 na 5/6. Kati ya milinganisho kumi inayowezekana baina ya sehemu tano, sita imekwisha bila kigawe chochote.

Kuzidisha kwa 2 kunaondoa pia kikwazo ambacho walimu wengi wanakifahamu. Ukimwambia mtoto atafute nusu ya asili, atafurahi akikuta 8 au 12, lakini akifika kwenye 9 atanyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, nusu ya tisa haipo." Ipo, ni nne na nusu, lakini kwa anayejifunza sehemu kwa mara ya kwanza, sehemu ndani ya sehemu ni mzigo. Akizidisha kiasi, anabaki kwenye namba nzima mwanzo hadi mwisho.

Sasa tuingie ndani ya makundi. Katika kundi la chini, swali ni ipi imepungukiwa zaidi hadi kufika nusu. 3/8 inahitaji kipande kimoja cha nane ili iwe 4/8. 4/9 inahitaji nusu tu ya kipande cha tisa, yaani 1/18. Upungufu wa 1/18 ni mdogo kuliko wa 1/8, kwa hiyo 4/9 iko karibu zaidi na nusu, nayo ndiyo kubwa. Katika kundi la juu tunauliza kinyume chake: ipi imeizidi nusu kwa zaidi. 7/12 imeizidi 6/12 kwa 1/12. 3/5 imeizidi nusu kwa nusu ya kipande cha tano, yaani 1/10. 5/6 imeizidi 3/6 kwa vipande viwili vya sita, ambavyo ni theluthi nzima. Kwa kuwa 1/12 ni ndogo kuliko 1/10, na 1/10 ni ndogo kuliko 1/3, mpangilio wetu umekamilika: 3/8, 4/9, 7/12, 3/5, 5/6.

Kwa anayetaka kuliona jambo hili kwa macho, napendekeza kamba. Pwani ya Nkome haikosi kamba za wavuvi, na somo hili linafaa uwanjani hata kwa darasa lenye wanafunzi wengi. Kata kamba ya sentimita 360, yaani mita tatu na sentimita sitini, iwe ndiyo kitu kizima. Funga kitambaa chekundu kwenye sentimita 180: hiyo ndiyo nusu. Sasa kila kundi la wanafunzi lipewe sehemu moja na litafute mahali pake. Wa 3/8 wanaikunja kamba katikati mara tatu, wanapata vipande vinane vya sentimita 45, wanahesabu vitatu na kusimama kwenye 135. Wa 4/9 wanaikunja vipande vitatu vilivyo sawa, kisha kila theluthi vipande vitatu tena, wanapata vipande vya sentimita 40 na kusimama kwenye 160. Wa 7/12 wana vipande vya sentimita 30, wanasimama kwenye 210. Wa 5/6 wana vya sentimita 60, wanasimama kwenye 300. Wa 3/5 ndio wenye taabu, kwa sababu kukunja vipande vitano vilivyo sawa ni kugumu. Hao wapewe rula wapime sentimita 72 mara tatu, na watajikuta kwenye 216. Angalizo moja: kamba iwe isiyovutika. 7/12 na 3/5 zimepishana sentimita 6 tu, kwa hiyo kamba inayorefuka ikivutwa inaweza kuwapindua wanafunzi hao na kuwapotosha.

Tazama kilichotokea hapo. Sentimita 135, 160, 210, 216 na 300 ni zile zile namba ambazo mtoto wetu alikuwa akizitafuta kwenye karatasi: 135/360, 160/360, 210/360, 216/360 na 300/360. Asili ya pamoja ni kipimo kidogo kinachoingia mara kamili katika kila aina ya kipande tulichonacho, kama sentimita inavyoingia mara 45 kwenye kipande cha nane na mara 40 kwenye kipande cha tisa. Kusawazisha asili ni kuvipima vipande vyote kwa rula moja. Mtoto aliyeiona kamba anaelewa pia kwa nini kiasi lazima kibadilike pamoja na asili. Wapo wanaoandika kwamba 3/8 ni sawa na 3/360, wakibadilisha asili na kukiacha kiasi kama kilivyo. Kwenye kamba, hiyo ni sawa na kuhama kutoka sentimita 135 na kwenda kusimama kwenye sentimita ya tatu. Hakuna atakayekubali.

Lazima niseme pia mahali ambapo nusu inashindwa. Chukua 5/8 na 7/11. Zote ziko juu ya nusu. 5/8 imeizidi kwa 1/8. 7/11 imeizidi kwa kipande kimoja na nusu cha kumi na moja, yaani 3/22. Sasa tumebaki na swali la kulinganisha 1/8 na 3/22, ambalo si rahisi kuliko tulilokuwa nalo. Hapa asili ya pamoja ndiyo mwamuzi: 55/88 na 56/88. 7/11 ni kubwa kwa kipande kimoja tu kati ya themanini na nane. Nusu hupanga zilizo mbalimbali na kupunguza kazi. Zilizosongamana upande mmoja ziachie asili ya pamoja. Na asili hiyo si lazima iwe kigawe kilicho kidogo kuliko vyote. Kuzidisha asili zenyewe kunatosha kila mara kupata jibu sahihi. Kigawe kidogo kinaleta namba ndogo tu, na namba ndogo hupunguza kuteleza. Mwalimu anayemnyima mtoto alama kwa kulinganisha 5/6 na 3/8 kwa kutumia 48 badala ya 24 anaadhibu kazi iliyo sahihi.

Sasa nije kwenye dhana potofu, kwa sababu makosa ya watoto katika somo hili yana mantiki yake, na kila mantiki inahitaji dawa yake. Ya kwanza ni ya mtoto anayesoma sehemu kama namba nzima mbili: asili kubwa, sehemu kubwa. Huyo ataandika 3/5, 5/6, 3/8, 4/9, 7/12. Ya pili ni ya mtoto aliyeonywa kuhusu kosa hilo akaenda upande wa pili: amekariri kwamba asili ikiwa kubwa sehemu ni ndogo, akasahau kuangalia kiasi. Ataandika 7/12, 4/9, 3/8, 5/6, 3/5, yaani kinyume kabisa cha mwenzake. Kauli aliyoikariri ni kweli pale tu ambapo viasi vinalingana, kama 3/8 na 3/5. Bila sharti hilo ni sumu, na mara nyingi mwenye kuitoa bila sharti ni mwalimu mwenyewe.

Dhana ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu hujificha. Mtoto huyu anahesabu vipande vilivyobaki hadi kufika kitu kizima, bila kujali ukubwa wake. Kwenye 5/6 kimebaki kimoja, kwenye 3/5 viwili, na kwenye 3/8, 4/9 na 7/12 vimebaki vitano vitano. Tazama anachopata: tatu za mwisho anaziona zinalingana, naye anaweza kuziandika kwa mpangilio wowote. Akiziandika kwa kufuata ukubwa wa asili, jibu lake litakuwa 3/8, 4/9, 7/12, 3/5, 5/6. Ni jibu sahihi kabisa! Atapata alama zote na mwalimu ataendelea na mada inayofuata, huku ugonjwa ukiwa umebaki mzima. Swali la nne la karatasi yetu, lililoonekana gumu na zuri, halina uwezo wa kumgundua.

Kwa hiyo mtungaji wa karatasi asichague sehemu kwa kubahatisha. Kwa kila jozi ajiulize: mwenye dhana potofu atajibu nini? Kulinganisha 2/3 na 3/4 hakumgundui anayesoma namba nzima, kwa sababu naye atasema 3/4 ni kubwa, na atakuwa sahihi kwa sababu mbaya. Mpe 3/5 na 7/12: atachagua 7/12, na utamjua. Aliyekariri kwamba asili kubwa ni sehemu ndogo mpe 2/3 na 7/8: atachagua 2/3. Anayehesabu vipande vilivyobaki mpe 5/6 na 7/8: atasema zinalingana, kwa kuwa kila moja imepungukiwa na kipande kimoja. Kisha mpe 3/5 na 7/10: atachagua 3/5, ingawa 3/5 ni 6/10. Jozi hizi nne zinaingia kwenye mstari mmoja wa ubao, na zitamwambia mwalimu mengi kuliko maswali ishirini ya kupanga sehemu.

Jozi ya 5/6 na 7/8 inatuonyesha pia alama nyingine ya kupimia, ambayo ni kitu kizima chenyewe. Zote zimekaribia moja. 5/6 imepungukiwa na 1/6, 7/8 imepungukiwa na 1/8. Iliyopungukiwa kidogo ndiyo kubwa. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita mfano wake hauko mbali. Usafi wa dhahabu hupimwa kwa karati, na dhahabu safi ni karati 24. Maana yake ni kwamba karati ni sehemu yenye asili 24: dhahabu ya karati 22 ni 22/24, na ya karati 18 ni 18/24, ambayo ni robo tatu. Tuseme muuzaji mmoja ana dhahabu ya karati 22 na mwingine anasema yake ina usafi wa asilimia 90, yaani 9/10. Ipi safi zaidi? Ya kwanza imepungukiwa na 2/24, ambayo ni 1/12. Ya pili imepungukiwa na 1/10. 1/12 ni ndogo, basi ya karati 22 ndiyo safi zaidi. Hakuna haja ya kalamu.

Wapo wenzangu wanaopinga. Wanasema kuna njia fupi: zidisha kiasi cha huku kwa asili ya kule, na cha kule kwa asili ya huku, ulinganishe majibu. Kwa 5/8 na 7/11 unapata 55 na 56, na umemaliza. Sina ugomvi na njia hiyo. Ni asili ya pamoja ile ile ya 88, isipokuwa 88 yenyewe haikuandikwa. Lakini kwa sababu haikuandikwa, mtoto hajui 55 na 56 ni vipande vya nini, na ukimuuliza 56 ni ya sehemu ipi, mara nyingi anabahatisha. Aidha, njia hiyo hulinganisha mbili mbili tu, na kwa sehemu tano inaweza kumlazimu kurudia hadi mara kumi. Ifundishwe mwisho, baada ya mtoto kuandika asili ya pamoja mara nyingi kiasi cha kuona mwenyewe kwamba anaweza kuiacha.

Wengine wanasema mtihani wa darasa la saba unataka jibu, hautaki maelezo. Ni kweli kwamba maswali mengi ya mtihani huo ni ya kuchagua jibu. Hapo ndipo nusu inapolipa zaidi. Mtoto aliyekwishajua kwamba 3/8 na 4/9 ziko chini ya nusu anafuta papo hapo kila chaguo linaloanza na 7/12 au 3/5, na muda wake unabaki kwa machaguo mawili yanayofanana.

Mapendekezo yangu kwa walimu ni matatu. Kwanza, karatasi ya mazoezi iwe na safu mbili kabla ya nafasi ya jibu: moja imeandikwa "chini ya nusu", nyingine "juu ya nusu". Mwanafunzi azijaze kabla ya kutafuta kigawe. Pili, kwa kila jozi aandike sentensi moja ya sababu, hata fupi: "7/8 ni kubwa kwa kuwa imepungukiwa na kipande kidogo zaidi." Sentensi hiyo ndiyo inayomfichua anayepata jibu sahihi kwa dhana potofu. Tatu, tusahihishe ndimi zetu. Tunaposoma 3/8 kama "tatu juu ya nane," tunamwambia mtoto kwamba anaona namba mbili zilizopandana. Kiswahili kina maneno yaliyo bora: theluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni. Ukisema "thumuni tatu" kama unavyosema "sado tatu", thumuni inakuwa kitu chenye ukubwa wake, na tatu inakuwa idadi yake. Wanaogawa mirathi ya Kiislamu hawajaacha lugha hiyo. Mjane akiwa na thumuni, mama wa marehemu sudusi, na mtoto wa kiume kinachobaki, mgawaji hufanya mali kuwa mafungu 24: mjane 3, mama 4, mtoto 17. Ni asili ya pamoja ile ile, na hakuna anayedhani kwamba thumuni ni kubwa kuliko sudusi eti kwa sababu nane ni kubwa kuliko sita.

Nirudi kwenye karatasi ya Nkome. Kama safu mbili zingekuwepo, mtoto yule angeandika 4/9 chini ya nusu, na pembeni yake 8 na 9, zilizokaribia kulingana. Baadaye, alipopata 120/360, angejua kwamba nusu ya 360 ni 180, angeona 120 iko mbali nayo mno, na angerudi mwenyewe kwenye kugawanya kwake kuuliza tisa inaingia mara ngapi katika 360. Kosa lingefutwa kwa kifutio chake, kabla wino mwekundu haujalifikia.